Daftari la mauzo tuliloliandika mara mbili

Kwa miaka minne nimekuwa nikisimamia mauzo katika kampuni ndogo ya Lubumbashi inayofunga mitambo ya umeme wa jua kwenye maduka ya dawa, zahanati, nyumba za wageni na maduka ya vinywaji baridi. Tuko watu watano: wauzaji watatu, fundi mmoja na mimi. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaoongoza vikundi vidogo kama hiki na wanaotaka kuweka kwenye karatasi namna ya kuuza, kwa sababu daftari letu la kwanza la mauzo lilitugharimu fedha nyingi, na kosa lililotugharimu lilikuwa ndani ya daftari lenyewe.

Tuliamua kuliandika baada ya muuzaji wetu mwenye uzoefu kuliko wote kuhamia Kolwezi. Aliondoka vizuri, bila ugomvi, lakini aliondoka na kila kitu alichokuwa nacho kichwani: nani wa kumwona katika zahanati fulani, bei gani ilikwisha kutajwa, ni mteja gani aliyesema atalipa mwisho wa mwezi na ni yupi aliyesema hivyo ili kumwondoa tu mlangoni. Waliobaki walikuwa vijana wawili na dada mmoja aliyekuwa amefanya kazi miezi mitano. Nilijifungia ofisini wiki tatu nikaandika kurasa 34. Nilichukua mifano niliyoikuta kwenye mtandao, nikatafsiri, nikapanga hatua za mauzo, nikaandika maneno ya kusema kwenye simu, nikaongeza majibu ya kila kipingamizi nilichoweza kukifikiria. Nilijivunia kazi ile. Nililichapa, nikalifungia jalada la plastiki, nikampa kila mmoja nakala yake.

Hatua nilizoziandika zilikuwa hizi: kupiga simu, kutembelea, kutuma proforma, yaani karatasi ya bei, kufuatilia, kufunga mauzo. Zinaonekana sahihi mtu akizisoma haraka. Ubaya wake ni kwamba zote zinaeleza kile anachokifanya muuzaji, na hakuna hata moja inayoeleza kile alichokifanya mteja. Muuzaji anaweza kupiga simu, kutembelea, kutuma proforma na kufuatilia kwa miezi mitatu, huku mteja akiwa hajasogea hata hatua moja. Lakini kwenye ubao wetu jina la mteja huyo lilikuwa limefika hatua ya nne kati ya tano, na mimi nilipoutazama ubao ule niliona mauzo yaliyokaribia kuiva.

Niliutazama hasa nilipokuwa nikiagiza mzigo. Bidhaa zetu hupitia bandari ya Dar es Salaam, hupanda malori, hukatiza Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, kwa hiyo hatuwezi kuagiza leo na kufunga wiki ijayo; inatubidi kukisia mauzo miezi kadhaa kabla. Ubao ulionyesha wateja 11 katika hatua ya kufuatilia. Nilihesabu kwamba tukipata hata nusu yao mzigo utaisha, nikaagiza inverta sita na betri zake. Mzigo ulipofika, katika wale 11 walilipa wawili. Betri nne zilikaa ghalani miezi saba, fedha zetu zikiwa ndani yake, na mara mbili nilichelewesha mishahara ya watu walioniamini. Nilimkopa yaya yangu ili kuwalipa. Aibu ya kumpigia simu ndugu mkubwa kwa ajili ya mishahara ya wafanyakazi bado ninaihisi ninapoandika.

Kati ya wale tisa wasiolipa, mmoja ndiye aliyenifungua macho. Ilikuwa zahanati ya wazazi kule Katuba, yenye jokofu la chanjo na chumba cha kujifungulia. Tulikwenda mara sita. Fundi wetu alipanda juu ya paa na kupima, tukachora mchoro, tukarekebisha proforma mara tatu kwa sababu muuguzi mkuu aliomba taa ziongezwe, kisha soketi, kisha pampu ya maji. Muuguzi yule alitupokea vizuri kila mara na alituambia kwa moyo mweupe kwamba anautaka mtambo ule. Alikuwa mkweli. Lakini fedha za zahanati zilikuwa mikononi mwa mhasibu wa shirika la kidini linaloimiliki, mtu ambaye hatukuwahi kumwona, na mhasibu huyo alikuwa amekwisha kufunga bajeti ya mwaka tangu siku ambayo sisi tulikuwa tunafanya ziara ya pili. Ziara nne na marekebisho mawili vilifanyika wakati jibu lilikwisha kutolewa katika ofisi nyingine, na hakuna aliyeficha kitu, sisi hatukuuliza.

Hapo niliweka kando lile daftari la kurasa 34 na kufanya kazi ambayo ningepaswa kuanza nayo. Nilitoa proforma zote tulizotuma katika miezi tisa, nikazitandaza sakafuni ofisini siku ya Jumamosi, nikawaita wauzaji wote na fundi. Zilikuwa 41. Zilizolipwa zilikuwa tisa. Tulizipitia zile 32 nyingine moja moja, kila muuzaji akieleza alichokumbuka, na pale kumbukumbu ilipokwama nilimpigia mteja mwenyewe na kumwambia wazi kwamba simwuzii kitu, nataka tu kujua kwa nini hakununua ili tujirekebishe. Ninamshauri kila mtu apige simu hizo. Watu wengi hujibu kwa ukarimu wanapojua kwamba hawasukumwi, na majibu yao ndiyo yaliyokuwa wino wa daftari la pili.

Katika zile 32, proforma 14 zilitumwa bila sisi kuwahi kuzungumza na mtu anayetoa fedha. Nane zilikuwa za wapangaji ambao mwenye nyumba hakuwaruhusu kugusa paa, au ambao waliogopa kufunga mtambo kwenye jengo wanaloweza kuambiwa kulihama. Watano walinunua kwingine kwa bei ya chini. Watano hatukupata sababu yao. Maana ya hesabu hiyo ni kwamba wateja 22 tungeweza kuwatambua mapema, siku ya kwanza au ya pili, kwa maswali mawili tu. Tulikuwa tumetumia miezi kujifunza namna ya kushawishi, wakati tatizo letu kubwa lilikuwa kuketi mbele ya mtu asiyeweza kuamua.

Basi tuliandika hatua upya, na kila hatua tuliifunga kwa ushahidi kutoka kwa mteja, kitu ambacho mtu wa tatu anaweza kukiona au kukishika. Hatua ya kwanza inahesabika kuwa imekamilika mteja anapotueleza kwa maneno yake tatizo linalomgharimu na anapokubali tuje kuona. Ya pili inakamilika anapotuonyesha mashine zake zote na kututajia kiasi anachotumia kwa mafuta ya jenereta, na muuzaji anaandika vyote hivyo katika karatasi ya mzigo wa umeme. Ya tatu inakamilika tunapokuwa tumeketi na anayetoa fedha, uso kwa uso au kwa simu, naye ameitaja mwenyewe tarehe anayotaka mtambo uwe umewaka pamoja na sababu ya tarehe hiyo. Ya nne ni pale alipoipokea proforma tukiwa naye, akaipitia mstari kwa mstari na kutuambia kinachomzuia, kama kipo. Ya tano ni malipo ya awali, asilimia 60, yaliyoingia kwetu. Ahadi ya malipo haihesabiwi, na picha ya hati ya benki isiyo na muhuri haihesabiwi pia.

Mabadiliko makubwa yamo katika mpangilio wa hatua ya tatu na ya nne. Zamani proforma ilikuwa njia ya kuanzisha mazungumzo. Mtu akiuliza bei kwenye WhatsApp tulimtumia karatasi jioni ile ile. Sasa hakuna proforma inayotoka kabla ya kuonana na mwenye fedha. Vijana wangu waliipinga kanuni hii kwa nguvu, na hoja yao ilikuwa na uzito: mjini kwetu mteja akiomba proforma na ukamnyima anaona dharau. Tulikubaliana kwamba anayeuliza mapema apewe kiwango cha bei kwa maneno, kwa mfano kwamba duka la dawa lenye jokofu moja huanzia dola 1,500 na kuishia dola 2,400, kisha muuzaji aongeze kwamba bei kamili itategemea kile kilichoandikwa nyuma ya jokofu lake. Mtu mwenye haja ya kweli hutuita tuje kulitazama jokofu. Asiye na haja hushukuru na kuondoka, na sisi tunakuwa tumetumia dakika tano badala ya siku mbili.

Kila hatua tuliipa pia ukomo wa siku. Mteja aliyekaa katika hatua ya nne zaidi ya siku 21 bila kufanya jambo jipya hurudishwa hatua ya pili ubaoni, hata kama muuzaji anasikitika. Jambo hilo liliumiza mwanzoni. Mwezi wa kwanza majina saba yalirudi nyuma kwa siku moja na ubao ukaonekana mtupu. Lakini nilipoagiza mzigo uliofuata niliagiza seti tatu, na zote tatu zilikuwa zimefungwa kabla mwezi haujaisha.

Kanuni za kuchuja wateja tulizifanya fupi kuliko nilivyotaka. Nilikuwa na maswali 14 katika daftari la kwanza, na hakuna muuzaji aliyewahi kuyauliza yote, kwa sababu maswali 14 mfululizo humfanya mwenye duka ahisi kwamba amekamatwa na polisi. Tulibakiza manne: ni nani atakayetoa fedha na ni nani mwingine atakayeulizwa kabla hajazitoa, umeme unapokatika leo unatumia nini na kinakugharimu kiasi gani kwa siku, jengo hili ni lako au umepanga, na kwa nini sasa, si mwaka ujao. Muuzaji hayasomi kwenye karatasi, wala hayaulizi kwa mfuatano huo. Lile la fedha, kwa mfano, ni zito kwa mtu mwenye heshima zake. Ukimwuliza baba mwenye nyumba ya wageni kama yeye ndiye anayeamua, umemtukana mbele ya wafanyakazi wake. Dada yetu ndiye aliyepata njia nzuri zaidi, na tuliiandika kama alivyoisema: "Papa, jenereta hii mlipoinunua, mlikaa na nani kuizungumzia?" Mtu husimulia kwa furaha jinsi alivyonunua jenereta yake, na ndani ya simulizi hilo anatokea mke, mtoto aliyeko Afrika Kusini, mshirika wa biashara, yeyote atakayeulizwa tena safari hii.

Tulikosea pia katika kuchuja. Baada ya kuona zile proforma nane za wapangaji niliandika kanuni kali: mpangaji asihudumiwe. Muuzaji mmoja aliitii kanuni hiyo na kumwacha mwenye duka la vinywaji pale Kamalondo, ambaye baadaye tulisikia kwamba alikuwa na mkataba wa upangaji wa miaka mitano na mwenye nyumba aliyekuwa shemeji yake. Alifungiwa mtambo na watu wengine. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliandika sifa ya mtu mahali pa kuandika kizuizi chenyewe. Kizuizi halisi kilikuwa ruhusa ya kugusa paa na uhakika wa kubaki mahali pale muda wa kutosha kurudisha gharama. Sasa kanuni inasema kwamba mpangaji atuonyeshe mkataba wenye miezi isiyopungua 24 iliyobaki, mwenye nyumba atie sahihi kwenye karatasi ya ruhusa, na fundi atumie fremu za kufungulika ili mteja akihama ahame na paneli zake. Kila kanuni ya kukataa tuliyonayo leo ina mstari chini yake unaoeleza inazuia hasara gani, ili muuzaji aweze kuona pale ambapo hasara hiyo haipo.

Sasa nieleze vipingamizi, kwa sababu hapo ndipo niliandika upuuzi mwingi zaidi mara ya kwanza. Niliandika hotuba. Mteja akisema bei ni kubwa, muuzaji alitakiwa kutoa aya nzima kuhusu ubora. Kosa lake nililiona kwa macho yangu nilipofuatana na muuzaji kijana katika duka la dawa kwenye komuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, siku ambayo ndiyo ilitupa ukurasa unaotumiwa kuliko kurasa zote.

Mwenye duka ni mama mtu mzima. Jokofu lake lilikuwa nyuma ya kaunta, na kijana aliinama kwa tochi ya simu kusoma kibati cha nyuma: wati 150. Kulikuwa na taa tano za wati 9 na kompyuta moja yenye printa ndogo. Tulikadiria kwamba mota ya jokofu huzunguka nusu ya muda, yaani saa 12 kwa siku, hivyo jokofu peke yake linataka kama wati-saa 1,800. Pamoja na taa na kompyuta jumla ilikaribia 2,550. Kwa jua la Lubumbashi sisi huhesabu saa nne na nusu za nguvu kamili kwa siku na kupunguza asilimia 30 kwa vumbi, joto na upotevu wa njiani, ndiyo maana tulimpangia paneli tatu za wati 330, betri ya lithiamu ya volti 25.6 na ampia-saa 100, na inverta ya wati 2,000 inayoweza kuvumilia mshtuko wa mota ya jokofu inapoanza. Bei ilikuwa dola 1,950.

Mama aliitazama karatasi, akaiweka juu ya kaunta, akasema: "Mwanangu, bei iko nguvu." Kijana alifungua kinywa kuanza hotuba yangu, nikamgusa mkono. Nilimwuliza mama: "Mama, iko nguvu ukilinganisha na nini?" Kisha nikanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kugumu. Baada ya muda alivuta droo akatoa proforma ya mtu mwingine, ya dola 900.

Maneno "bei iko nguvu" hubeba mambo matatu tofauti. Kuna anayemaanisha kwamba fedha hizo hanazo kwa pamoja, kuna anayemaanisha kwamba ameona bei ya chini kwingine, na kuna asiyeona bado anachokipata kwa fedha hizo. Wa kwanza huhitaji kuzungumziwa awamu za malipo, wa pili huhitaji kulinganishiwa, wa tatu huhitaji kurudishwa kwenye hesabu ya mafuta yake. Hotuba yangu iliwajibu wote watatu kwa pamoja, kwa hiyo haikumjibu yeyote.

Hatukuisema vibaya ile proforma ya dola 900. Tulimwomba ruhusa ya kuisoma pamoja naye. Ilikuwa na paneli mbili za wati 150 na betri mbili za asidi. Kijana alichukua kalamu na kufanya hesabu ile ile mbele yake: wati 300 mara saa nne na nusu, ondoa asilimia 30, zinabaki kama wati-saa 945 kwa siku, wakati jokofu peke yake linataka 1,800. Mtambo ule ungetosha taa na kompyuta, na tulimwambia hivyo, kwamba kama jokofu si shida yake anunue ule wa dola 900 naye atakuwa amefanya vizuri. Ndipo aliposimulia kwamba mwezi wa Desemba alitupa insulini yote iliyokuwa ndani, kwa sababu umeme ulikatika usiku wa Jumamosi na duka lilikuwa limefungwa hadi Jumatatu. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mafuta ya jenereta yalikuwa yakimgharimu, kwa hesabu yake mwenyewe, dola 4 kwa siku za kazi 26, pamoja na kama dola 20 za oili na matengenezo kila mwezi, yaani dola 124. Kwa matumizi hayo dola 1,950 zingerudi katika muda wa karibu miezi 16, bila kuihesabu insulini.

Aliridhika na hesabu, kisha akasema: "Basi nitaongea na kaka yangu." Nilishtuka, kwa sababu mwezi mmoja kabla yake mimi mwenyewe niliandika kwamba proforma isitoke kabla ya kumwona mwenye fedha, na hapa nilikuwa nimeivunja kanuni yangu kwa kuwa mama alionekana mwenye mamlaka yote. Badala ya kumshinikiza nilimwuliza kaka atauliza jambo gani kwanza. Alijibu bila kusita: atauliza ni nani atakayekuja mtambo ukiharibika. Tulimwandikia ukurasa mmoja tu kuhusu jambo hilo, wenye muda wa dhamana wa kila kifaa, muda ambao fundi atafika na kile ambacho dhamana haifuniki, tukaomba kuketi na kaka siku ya Alhamisi. Alilipa asilimia 60 wiki iliyofuata. Katika kikao hicho nilipunguza dola 150 kabla hajaomba, kwa woga tu, na kaka yule alitabasamu kwa namna niliyoielewa njiani nikirudi. Tangu siku hiyo daftari linasema kwamba punguzo halitolewi bila kupokea kitu, kama vile malipo yote kwa mara moja, na kwamba anayeliidhinisha si yule aliyeketi mbele ya mteja.

Kila ukurasa wa kipingamizi sasa una umbo hilo. Juu kabisa yanaandikwa maneno ya mteja kama yanavyosemwa barabarani, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, kwa sababu muuzaji mpya hulitambua jambo kwa sauti yake. Chini yake kuna swali moja la kuuliza kabla ya kujibu lolote. Kisha linakuja jibu fupi na kitu cha kuonyesha, na mwisho kuna mstari wa yasiyoruhusiwa kusemwa.

Mstari huo wa mwisho una historia yake. Mteja anaposema "Betri za jua zinakufaka mbio, jirani yake ilimaliza miezi sita", hasemi uongo. Mara nyingi ukienda kwa jirani huyo unakuta betri za gari, ambazo zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, zikitumiwa kila usiku hadi zinakauka. Betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika ikionyesha volti 12.2 imekwisha kutumia karibu nusu ya akiba yake, na kuishusha chini ya hapo kila siku hufupisha maisha yake haraka. Swali letu ni kama tunaweza kwenda kuiona ya jirani, na fundi huenda na kipima volti. Ila muuzaji wetu mmoja, akitaka kumtuliza mteja, aliwahi kuongeza kwamba betri yetu itavumilia siku tatu bila jua. Mwezi wa Januari, katikati ya mvua, mawingu yalikaa siku mbili, jokofu likazima, na mteja akaja ofisini na kauli ile ikiwa imerekodiwa kwenye simu yake. Tulimwongezea paneli moja kwa gharama yetu. Tangu hapo hakuna jibu linaloingia katika daftari kabla fundi hajalisoma na kutia sahihi pembeni, na majibu manne niliyoyapenda sana aliyakataa.

Daftari la pili lina kurasa saba. Kila Jumatatu asubuhi tunakaa dakika 40 na kila muuzaji anamtaja mteja mmoja tu aliyekwama, anasoma ushahidi wa hatua aliyopo, na wengine wanauliza maswali. Maneno "anaonekana ana hamu" hayaruhusiwi katika kikao hicho. Katika miezi sita ya kwanza tulituma proforma 19 na kulipwa nane, tukilinganisha na tisa katika 41 hapo mwanzo. Mauzo hayakuongezeka kwa kishindo, ila safari za bure za pikipiki na siku za fundi juu ya mapaa ya watu wasionunua zilipungua kwa kiasi ambacho hata yeye alikisema mwenyewe. Nimejaribu pia kulitumia daftari hilo kwa kampuni kubwa zinazohudumia migodi, nalo halifai huko: kule bei hushindanishwa kwa zabuni, huwezi kudai kumwona anayetoa fedha kabla ya kuleta karatasi, na inahitajika kazi nyingine kabisa ambayo bado hatujaiandika.

Ukurasa tunaoubishania sasa ni wa yule mteja anayesema atalipa salio kwa franka kwa kiwango cha siku aliyopokea proforma. Dada yetu anataka tukubali, mradi salio lilipwe ndani ya siku saba. Fundi anasema siku saba ni nyingi. Tumeandika kwa penseli kwamba proforma ni ya dola, inadumu siku saba, na franka hupokelewa kwa kiwango cha siku ya malipo. Wateja wawili tayari wameikubali, na mmoja ametuomba tumweleze kwa maandishi kiwango hicho tunakitoa wapi, swali ambalo linahitaji jibu kabla ya Jumatatu.